Ofa Mbili za Kazi Dodoma: Kupima na Kujadili Kilicho Nje ya Tarakimu ya Mshahara

Dodoma ni mji ambao ajira nyingi zinazojulikana ni za serikali, na katika ajira hizo mshahara hufuata ngazi iliyokwisha kupangwa, kiasi kwamba mwajiriwa mpya hana cha kujadili zaidi ya tarehe ya kuripoti. Mazoea hayo huwafuata watu wengi wanapopata nafasi katika kiwanda, kampuni au asasi. Husoma tarakimu moja iliyo katikati ya barua, wakailinganisha na tarakimu ya barua nyingine, kisha wakasaini kwenye kubwa. Katika sekta binafsi, hata hivyo, karibu kila mstari wa barua ya ofa unaweza kuzungumzwa kabla ya saini, na mara nyingi mistari iliyo chini ya mshahara ndiyo inayoamua mtu atakuwa katika hali gani mwaka mmoja baadaye.

Tuchukue mfano wa mhasibu mwenye shahada, mama wa mtoto mmoja, anayeishi Kisasa na mumewe, ambaye bado analipa mkopo wa elimu ya juu na amebakiza masomo machache ya CPA kwenye mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Ana barua mbili mkononi. Ya kwanza inatoka kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti kilichoko Kizota: mshahara wa 1,400,000 kwa mwezi, wote ukiwa mshahara wa msingi, siku sita za kazi kwa wiki, ajira isiyo na ukomo, na hakuna neno lolote kuhusu bima ya afya wala mafunzo. Ya pili inatoka asasi ya maendeleo yenye ofisi Ilazo: jumla ya 1,200,000, yaani mshahara wa msingi wa 1,000,000 na posho ya nyumba ya 200,000, siku tano za kazi, bima ya afya ya familia, ahadi ya kulipia mafunzo ya taaluma, na mkataba wa miezi 12 unaoweza kuhuishwa. Kwa mtazamo wa haraka kiwanda kinamzidi mwenzake kwa 200,000 kila mwezi. Tuone inabaki kiasi gani baada ya makato.

| | Kiwanda | Asasi |
|---|---|---|
| Mshahara ghafi | 1,400,000 | 1,200,000 |
| Mchango wa mwajiriwa NSSF (asilimia 10) | 140,000 | 120,000 |
| Kodi ya mapato (PAYE) | 206,000 | 152,000 |
| Mkopo wa HESLB (asilimia 15 ya mshahara wa msingi) | 210,000 | 150,000 |
| Kinachobaki mkononi | 844,000 | 778,000 |

Kodi imepigwa juu ya kiasi kinachobaki baada ya kutoa mchango wa NSSF, kwa sababu mchango huo hautozwi kodi. Na kwa kuwa kila shilingi inayozidi 1,000,000 hutozwa asilimia 30, 54,000 ya ziada inayotolewa na kiwanda inakwenda Mamlaka ya Mapato. Tofauti ya 200,000 imekuwa 66,000. Lakini hapa inabidi tuwe waadilifu kwa kiwanda: kati ya tofauti iliyopotea, 60,000 ni makato makubwa zaidi ya mkopo wa elimu, na fedha hiyo haikupotea, bali inapunguza deni la mhasibu mwenyewe, ambalo kule kwenye asasi litaendelea kumsubiri. Tukiliweka deni pembeni, kiwanda kinampa 1,054,000 na asasi inampa 928,000, kwa hiyo tofauti ya kweli ni 126,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo tarakimu ya kuanzia majadiliano, si ile 200,000.

Mgawanyo wa mshahara wa msingi na posho una athari nyingine isiyoonekana kwenye jedwali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hukokotoa malipo ya likizo, ya saa za ziada na ya kiinua mgongo cha kuachishwa kazi kwa mshahara wa msingi, ambao hauhesabu posho. Maana yake ni kwamba asasi ikitaka kufuata sheria kwa kiwango cha chini kabisa, inaweza kumlipa mhasibu 1,000,000 tu anapokuwa likizoni, bila posho ya nyumba, ingawa kodi ya nyumba haina likizo. Sentensi moja ndani ya mkataba, inayosema kwamba posho ya nyumba italipwa kila mwezi ikiwamo miezi ya likizo, inamaliza jambo hilo, na ni ombi ambalo mwajiri hulikubali kwa urahisi kwa sababu bajeti yake ya mwaka tayari imeihesabu posho hiyo.

Tukija kwenye likizo yenyewe, barua zote mbili zimeandika maneno yaleyale: siku 21 za kazi kwa mwaka. Maneno ni yaleyale lakini likizo si ileile. Sheria inampa mwajiriwa siku 28 mfululizo katika kila mzunguko wa miezi 12, na katika siku hizo Jumapili na sikukuu zinazoangukia humo huhesabiwa. Kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki, siku 28 za kalenda ni wiki nne, yaani siku 20 za kazi, kwa hiyo asasi inapotoa siku 21 za kazi imevuka kiwango cha sheria kwa siku moja. Kwa anayefanya kazi siku sita, wiki nne ni siku 24 za kazi, na kiwanda kinapotoa 21 kimepungukiwa na siku tatu. Hilo si jambo la kuombea hisani, ni la kurekebishwa, na njia nzuri ni kuuliza kwa heshima: "Naomba kuthibitisha kama siku 21 zilizotajwa zimekusudiwa kuwa nyongeza ya utaratibu wa sheria wa siku 28 mfululizo, au kama kifungu hiki kitarekebishwa ili kilingane nao." Afisa utumishi anayejua kazi yake atarekebisha siku hiyohiyo. Akikasirika au akisema kwamba kiwandani kwao sheria hiyo haitumiki, mhasibu amepata taarifa muhimu kuhusu mwajiri huyo kabla hajaanza kumtumikia.

Kuna sharti jingine la likizo ambalo watu hulijua wakiwa wamechelewa. Mwajiriwa ambaye hajatimiza miezi sita kazini hana haki ya kisheria ya likizo ya mwaka yenye malipo. Kwa mhasibu wetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu mitihani ya bodi hufanyika mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Akianza kazi Agosti, Novemba itamkuta akiwa na miezi mitatu tu, na sheria haina likizo ya masomo wala ya mitihani ambayo angeweza kuidai. Asipoandikiwa siku hizo kwenye mkataba, atalazimika kuomba ruhusa kwa msimamizi ambaye bado hamfahamu, katika kipindi cha majaribio, na ruhusa hiyo inaweza kuwa bila malipo au isitolewe kabisa.

Hapo kiwanda na asasi vinatofautiana kwa sababu za kazi zao. Alizeti ya Dodoma na Singida huanza kuingia sokoni kwa wingi baada ya mavuno, kuanzia Mei hivi, na huo ndio wakati idara ya fedha ya kiwanda inapolipa wakulima na mawakala kila siku. Kumwomba mwajiri wa aina hiyo siku 10 za mtihani mwezi Mei ni kumwomba asichonacho. Ombi lenye nafasi ni la Novemba pekee, likiambatana na kauli kwamba mhasibu hatachukua likizo ya mwaka katika msimu wa ununuzi. Sheria inampa mwajiri mamlaka ya kupanga muda wa likizo ndani ya mipaka yake, kwa hiyo kukubali mapema msimu usiofaa ni kitu chenye thamani ambacho mhasibu anaweza kukitoa ili apate kingine. Asasi, kwa upande wake, hubanwa na tarehe za taarifa za wafadhili, ambazo hutofautiana kati ya mradi na mradi. Mhasibu aulize tarehe hizo kabla ya kutaja mwezi.

Mafunzo ndiyo sehemu ya ofa ya asasi inayong'aa kuliko zote, na pia ndiyo yenye mtego. Tuseme asasi imeahidi kulipa ada za masomo na mitihani zinazofika 1,200,000 kwa mwaka, ambazo kwa kuzigawa ni 100,000 kwa mwezi. Ndani ya barua kuna kifungu kinachosema kwamba atakayeacha kazi kabla ya miezi 24 tangu alipiwe mafunzo atarejesha gharama zote. Tukikiweka kifungu hicho kando ya mkataba wa miezi 12, tunaona kasoro iliyo wazi: mkataba unakwisha wakati sharti la kurejesha bado lina mwaka mzima mbele yake. Mradi ukikosa fedha na mkataba usihuishwe, je, mhasibu anadaiwa? Kwa jinsi kifungu kilivyoandikwa, mtu mkali anaweza kusema ndiyo. Na kwa kuwa sheria huruhusu mwajiri kukata mshahara kwa deni ambalo mwajiriwa amelikubali kwa maandishi, saini yake kwenye kifungu hicho inaweza kugeuka kuwa makato kwenye malipo yake ya mwisho.

Sipendekezi kukataa sharti la kurejesha gharama moja kwa moja. Mwajiri anayemlipia mtu taaluma ana sababu ya kuogopa kwamba ataondoka na cheti wiki inayofuata. Kinachofaa kujadiliwa ni umbo lake. Kwanza, deni lipungue kadiri mwajiriwa anavyotumikia: 1,200,000 ikigawanywa kwa miezi 24 ni 50,000 kwa mwezi, hivyo aliyeondoka mwenyewe baada ya miezi 10 atarejesha 700,000 badala ya yote. Pili, sharti lisitumike pale mwajiri anapositisha ajira au asipohuisha mkataba. Tatu, kinachorejeshwa kiwe ada iliyolipwa kwa risiti, si mishahara ya siku alizokuwa kwenye mtihani wala nauli. Bila marekebisho hayo, ile 100,000 ya mwezi isihesabiwe kama faida, kwa maana ni mkopo uliovaa jina la mafunzo.

Bima ya afya inahitaji maswali machache lakini mahususi. Kusema "bima ya familia" hakutoshi. Mhasibu aulize ni wategemezi wangapi wanaoingia, na kama wazazi wamo au ni mwenzi na watoto peke yao. Aulize kikomo cha matibabu ya nje na cha kulazwa kwa mwaka, na kama huduma za uzazi zina kipindi cha kungoja. Aombe orodha ya hospitali, kisha atazame kama Hospitali ya Benjamin Mkapa na ile ya rufaa ya mkoa zimo, kwa sababu bima ambayo vituo vyake vikubwa viko Dar es Salaam haimsaidii mtoto mwenye homa usiku akiwa Kisasa. Swali la mwisho ni la tarehe: bima inaanza siku ya kwanza, au baada ya kuthibitishwa kazini? Kipindi cha majaribio chaweza kufika hata miezi 12 kwa mujibu wa kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, na mwajiri anayefunga kila stahiki kwenye uthibitisho anaweza kuwa anatoa bima ambayo mwaka wa kwanza haipo.

Ili kuipa bima thamani kwenye ulinganisho, mtu asitumie bei ya mkupuo inayotangazwa, bali risiti zake mwenyewe. Ikiwa familia yetu ya mfano ililipa 720,000 kwa matibabu mwaka uliopita, bima ya asasi ina thamani ya 60,000 kwa mwezi kwao. Tofauti ya 126,000 inashuka hadi 66,000. Ikiongezwa ile 100,000 ya mafunzo, kwa sharti kwamba kifungu cha kurejesha kimerekebishwa, asasi inapita mbele kwa 34,000 kila mwezi.

Saa za kazi nazo zinasema jambo lilelile kwa njia nyingine. Kiwanda kinataka saa 45 kwa wiki, ambazo ndizo kikomo cha kisheria cha saa za kawaida, na asasi inataka 40. Kwa mwezi wa wastani hizo ni saa 195 na saa 173 hivi. Tukigawa kiasi kile kinachobaki kabla ya deni la mkopo, kiwanda kinalipa takriban 5,400 kwa saa na asasi takriban 5,350. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya kile kiwanda kinachomzidishia ni malipo ya Jumamosi zake, na kwa mtu anayejiandaa kwa mtihani Jumamosi ndiyo siku ya kusoma. Lipo pia suala la cheo: kiwanda kikimwita "meneja wa fedha" anayeripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu, vifungu vya sheria kuhusu saa za kazi na malipo ya saa za ziada huenda visimhusu. Cheo kikubwa hupendeza kwenye kadi, lakini katika msimu wa alizeti kinaweza kumgharimu malipo ya jioni nyingi. Akikubali cheo hicho, aombe siku za mapumziko za fidia baada ya msimu, zikiwa zimetajwa kwa idadi.

Posho za safari za asasi, zile za kwenda Kongwa, Bahi au Chamwino kukagua vikundi, zisiingizwe katika hesabu hii hata kidogo. Hutolewa kugharamia chakula na malazi, hutegemea mradi, na zinaweza kukoma bila mkataba kuvunjwa.

Upande ambao kiwanda kinashinda bila mabishano ni muda wa ajira. Mkataba usio na ukomo na mkataba wa miezi 12 haviwezi kusawazishwa kwa kugawanya shilingi kwa saa. Mhasibu aiulize asasi mradi unaomlipa una fedha hadi mwaka gani, na kama nafasi yake iko kwenye bajeti ya mradi mmoja au ya ofisi nzima. Fedha ikiwa imethibitishwa kwa miaka mitatu, aombe mkataba wa miaka miwili. Hapo miezi 24 ya sharti la mafunzo nayo itakaribia kulingana na mkataba. Hilo kwangu ni ombi la kwanza kwa asasi, juu ya nyongeza yoyote ya mshahara. Mwajiri mwenye fedha za mfadhili kwa kawaida hawezi kuubadilisha mstari wa mshahara bila kibali, ilhali muda wa mkataba, tarehe ya kuanza kwa bima na siku za mtihani viko ndani ya uwezo wa mkurugenzi.

Kwa kiwanda mambo ni kinyume. Mwenye kiwanda anaweza kuongeza 100,000 kwa uamuzi wa dakika tano, lakini hana utaratibu wa mafunzo na pengine hajawahi kukata bima ya wafanyakazi. Kumwomba vitu vyote hivyo kwa pamoja kutamchosha. Aombwe vitu viwili: bima ya afya ya mhasibu, mwenzi na mtoto kuanzia siku ya kwanza, na siku 10 za mtihani wa Novemba zenye malipo ingawa miezi sita haijatimia. Akivitoa, tofauti ya 126,000 haipunguzwi tena na bima na ajira haina ukomo, na katika hali hiyo ningechagua kiwanda. Akikataa vyote viwili, na asasi ikakubali miaka miwili pamoja na marekebisho ya sharti la mafunzo, ningekwenda asasi bila kusitasita, hasa kwa mtu aliyebakiza masomo machache, kwa kuwa CPA iliyokamilika itabadilisha ofa zote zitakazofuata. Mgumu ni ule wakati asasi inapong'ang'ania miezi 12 na kiwanda kinatoa siku za mtihani bila bima. Hapo wenye mtoto mchanga au mgonjwa wa kudumu nyumbani waiangalie bima kwanza, na wengine wachukue uthabiti wa ajira.

Kuna mambo ambayo hayafai kutumia nafasi ya majadiliano kwa sababu sheria imekwisha kuyatoa: likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 kwa waliozaliwa zaidi ya mmoja, likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara, mchango wa NSSF wa mwajiri. Barua inayoyataja kama "marupurupu ya kuvutia" haijaongeza chochote. Mume, akiwa yeye ndiye anayejadili ofa yake, anayo sababu ya kuomba zaidi, kwani siku za baba kwa kawaida ni tatu tu.

Majadiliano yafanyike kati ya kupokea barua na kuisaini, kwa barua moja fupi. Ile ya asasi inaweza kusomeka hivi: "Rejea barua yako ya ofa ya ajira. Nashukuru kwa nafasi hii na niko tayari kuanza kazi tarehe mliyopendekeza. Kabla ya kusaini naomba mambo matatu yaingizwe katika mkataba: muda wa mkataba uwe miezi 24, kiasi cha kurejesha kwa mafunzo kipungue kwa sehemu ya 1/24 kila mwezi wa utumishi, na kisidaiwe endapo mkataba hautahuishwa na mwajiri, na bima ya afya ianze siku ya kwanza ya kazi." Mshahara haukutajwa, kwa makusudi. Jibu la "tutaliangalia ukishafika" lipokewe kwa upole, likifuatwa na ombi kwamba jambo hilo liandikwe pamoja na tarehe ya kuliangalia, maana afisa anayetoa ahadi kwa mdomo anaweza kuhamishwa kabla ya tarehe hiyo.

Anayehamia Dodoma kutoka Mwanza au Mbeya atazame pia mstari wa "mahali pa kuajiriwa", ambao ni miongoni mwa mambo yanayotakiwa kuandikwa kwenye maelezo ya ajira. Ajira ikisitishwa mbali na mahali alipoajiriwa, mwajiri hupaswa kumsafirisha yeye na mizigo yake au kulipa gharama hizo. Mwajiri akiandika Dodoma kwa mtu aliyechukuliwa Mbeya, haki hiyo imekwisha kabla haijaanza. Na kama mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, mkopo mdogo wa mshahara utakaokatwa kidogo kidogo ni ombi ambalo kiwanda na asasi zote huweza kulikubali.

Barua ya kuacha kazi aliyonayo sasa isipelekwe mpaka nakala ya mkataba mpya, yenye marekebisho yote na saini za pande mbili, iwe mkononi mwake. Kwa anayelipwa kwa mwezi notisi ya kawaida ni siku 28, kwa hiyo tarehe ya kuanza kazi mpya ipangwe kwa kuhesabu kutoka siku ya kupata nakala hiyo, si kutoka siku aliyopigiwa simu ya pongezi.